Barua Mbili, Jalada Moja: Mwongozo wa Mtumishi Aliyeazimwa na Kuchoka Mapema

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, wakaishia hapo. Kuhusu mtumishi wa kuazimwa hawakuacha neno, na pengo hilo nimejitolea kuliziba mimi. Nimekaa idara ya utawala na utumishi kwa miaka 22, nimesoma barua za watu waliotaka kurudi nyumbani kabla ya wakati, na nakuhakikishia kwamba wengi wao hawakuponzwa na kukimbia. Waliponzwa na barua.

Wewe ndugu yangu uliazimwa kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Sasa ni mwezi wa 14 na unahesabu siku kama mfungwa. Unataka kuondoka, ila unataka walioazima walie kidogo, na waliokuazimisha wakupokee kwa shangwe. Sikulaumu. Hata mimi ningetaka. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Ifiche sababu ya kweli, lakini wewe mwenyewe ijue

Sababu ya kweli haiandikiki. Nina mfano wa mhasibu mmoja wa halmashauri aliyeazimwa na mradi wenye ofisi Dar es Salaam kuanzia 1 Julai 2023. Ukimuuliza kwa nini alitaka kurudi, atakutajia foleni, kodi ya nyumba na shule za watoto. Ukimnunulia soda ya pili, atakwambia ukweli. Mkuu wa mradi alikuwa akimwita "yule kijana wa halmashauri" mbele ya wageni. Kijana ana miaka 46 na mjukuu mmoja.

Hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kuondoka, na ni mbaya kabisa kuiandika. Itunze moyoni. Hapa tutatafuta sababu nyingine, na nitakuonyesha ilipo. Kwanza tuone jinsi mwenzako alivyoikosa.

Hatua ya 2: Usiandike barua mbili usiku mmoja

Mhasibu wetu aliketi mezani usiku wa Alhamisi, 29 Agosti 2024, akiwa na hasira na chai ya rangi, akaandika zote mbili. Kwa mradi aliandika hivi:

*"Yah: Kusitisha kuazimwa. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kutokana na mwajiri wangu kunihitaji kituoni kwa haraka, naomba siku yangu ya mwisho iwe 30 Septemba 2024. Naondoka kwa masikitiko makubwa."*

Kwa mkurugenzi wa halmashauri yake akaandika:

*"Yah: Kurejea kituoni. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kutokana na mradi kukamilisha kazi nilizopangiwa, nategemea kuripoti kituoni 21 Oktoba 2024. Narudi kwa furaha kubwa."*

Tazama ufundi wake. Kule anaitwa na nyumbani, huku ameachiwa na mradi. Kule analia, huku anacheka. Kila ofisi inapewa heshima ya kuamini kwamba ofisi nyingine ndiyo yenye makosa. Ni kazi safi, ila ina dosari moja: alidhani barua mbili zina wasomaji wawili.

Barua ya kiserikali haiishi kwa aliyeandikiwa. Inaingia masijala, inagongwa muhuri, inapewa namba na kuwekwa kwenye jalada. Mkuu wa mradi aliisoma yake, akaamini, akamwandikia mkurugenzi wa halmashauri: tumepokea kwa uchungu taarifa kwamba mmemwita mtumishi wenu kabla ya muda, tunaomba basi mtuazime mwingine. Na kwa ushahidi akaambatisha nakala. Mkurugenzi, ambaye hajamwita mtu, akafungua jalada binafsi la mhasibu ili aelewe. Barua ya furaha ilikuwa karatasi namba 41. Barua ya masikitiko ikawekwa hapo hapo kama namba 42. Zikatazamana.

Jalada lako liko nyumbani muda wote, hata wewe ukiwa Dar. Kila kinachoandikwa kukuhusu kitarudi huko siku moja. Kwa hiyo andika barua mbili kana kwamba zitasomwa na mtu mmoja, kwa mpigo mmoja, akiwa na kalamu nyekundu. Zitasomwa hivyo.

Hatua ya 3: Usiache kazi kwa bahati mbaya

Hili ndilo kosa la watu wenye majivuno, nawe unayo, kwa hiyo sikiliza. Mtu akiudhika hutamani neno zito. Anaandika "naacha kazi" au "najiuzulu", maana "naomba kurejea" linasikika kama la mtoto aliyepigwa na wenzake.

Sasa jiulize: unaacha kazi ipi? Walioazima si mwajiri wako. Wamepewa nguvu zako kwa muda, kwa makubaliano ya pande tatu: wao, mwajiri wako na wewe. Kazi yako, daraja lako la mshahara na miaka yako ya utumishi vipo nyumbani. Kwa mradi huna kazi ya kuacha. Una muda wa kukatisha. Ukiandika "naacha kazi" na nakala ikafika kwa mwajiri, kuna afisa utumishi mwenye bidii atakayekujibu kwa barua fupi ya kukubali ombi lako na kukutakia maisha mema. Siku hiyo utajifunza tofauti kati ya maneno mawili kwa gharama ya kiinua mgongo.

Andika "kukatisha muda wa kuazimwa". Halina ladha, halina ngurumo, halitamfanya mkuu wa mradi akose usingizi. Ila ukiliandika bado una kazi.

Hatua ya 4: Uliza kama kiti chako bado kipo

Kabla ya kushika kalamu, shika simu. Mpigie afisa utumishi wa nyumbani. Mwulize hali ya watoto, mvua, barabara. Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, mwulize: hivi kwenye ikama, nafasi yangu ikoje?

Ikama ndiyo orodha ya viti. Inaonyesha ofisi inaruhusiwa kuwa na wahasibu wangapi na wa ngazi zipi. Ulipoondoka ukifikiri kiti chako kimewekwa kitambaa cheupe kikusubiri, kuna kijana alikikalia akakaimu, na kijana huyo sasa anaitwa "bosi" na mhudumu wa ofisi. Hawezi kukuzuia kurudi, lakini anaweza kufanya urudi kwenye meza iliyo karibu na mlango wa choo.

Simu hii ina faida ya pili, na hii ndiyo siri ninayokuuzia bure. Utasikia ofisi inalia nini. Kila ofisi ina kitu inacholilia. Mhasibu wetu alipigiwa simu na mkurugenzi kuhusu karatasi namba 41 na 42, akaomba msamaha, akaomba azifute kwa barua na kuandika upya. Akiwa bado anatetemeka, ndipo alipouliza mambo yanaendaje. Akaambiwa: wahasibu ni wawili, hesabu za mwaka tunahangaika kuzipeleka kwa Mkaguzi Mkuu kabla ya 30 Septemba, na wakaguzi wakija na hoja zao hatujui nani atazijibu.

Hapo Mungu alimfungulia mlango. Mwaka wa fedha wa serikali huisha 30 Juni, hesabu hutakiwa kwa mkaguzi ndani ya miezi mitatu, kisha hoja huanza kumiminika: vocha hii haina viambatisho, malipo haya hayana risiti. Hakuna mkurugenzi duniani atakayemkataa mhasibu anayejitolea kurudi msimu wa hoja. Na hakuna mkuu wa mradi mwenye akili atakayesimama kati ya halmashauri na mkaguzi.

Hii ndiyo sababu niliyokuahidi. Si ile iliyokutoa Dar, lakini ni ya kweli kwa pande zote mbili. Kama wewe ni muuguzi, mhandisi au mwalimu, nyumbani kuna hoja za aina yako. Uliza.

Hatua ya 5: Jiitishe

Mwazimwa mjinga hutoroka. Mwazimwa mwerevu huitwa. Na njia ya uhakika ya kuitwa ni kumwomba mwajiri akuite, kisha uitike kwa unyenyekevu kama mtu aliyeshtukizwa.

Kwa hiyo barua ya nyumbani hutangulia. Lakini hapa kuna mtego mdogo wenye herufi mbili: k.k., yaani kupitia kwa. Ukiwa umeazimwa, barua yako kwa mwajiri hupitia kwa mkuu wa huko uliko. Maana yake, mkuu wa mradi ataisoma kabla ya mkurugenzi wako, na ataandika maoni pembeni. Ukiirusha moja kwa moja kwa basi la usiku, inaweza kurudishwa ikiwa na swali: mbona haijapitishwa? Sasa una maadui wawili.

Pitisha. Na kwa kuwa unajua ataisoma, isiwe na neno moja linalomgusa. Barua mpya ya mhasibu wetu, aliyoiandika 16 Septemba kwa kichwa kilichopoa, ilikuwa hivi:

*"Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. K.K. Mkuu wa Mradi. Yah: Ombi la kurejea kituoni kabla ya muda wa kuazimwa kumalizika. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Niliazimwa kwa miaka mitatu kuanzia 1 Julai 2023. Kwa kuzingatia upungufu wa wahasibu kituoni na kazi ya kujibu hoja za ukaguzi, naomba muda wangu ukatishwe tarehe 31 Oktoba 2024, niripoti kituoni Ijumaa, 1 Novemba 2024. Kwa barua hii nafuta zile nilizoandika 29 Agosti. Nawasilisha."*

Soma tena uone kisichokuwemo. Hakuna furaha kubwa. Hakuna masikitiko. Hakuna sifa za mwandishi, ingawa nilimwona akiziandika na kuzifuta mara tatu. Kuna ombi moja, sababu moja, tarehe ya kuondoka na ya kuripoti. Mkuu wa mradi aliandika pembeni "Sina pingamizi" kwa mkono wake mwenyewe. Na mtu akishaandika "sina pingamizi" hawezi kuanza kupinga wiki inayofuata.

Hatua ya 6: Barua ya wenyeji iwe kivuli cha ile ya kwanza

Mkurugenzi akishajibu, ndipo unawaandikia walioazima. Kumbuka, sasa si wewe unayeondoka. Umeitwa. Wewe ni nani ukatae wito?

*"Rejea barua ya Mkurugenzi Mtendaji iliyonakiliwa kwako. Kwa barua hii natoa taarifa ya mwezi 1, kwa mujibu wa makubaliano yetu, kwamba siku yangu ya mwisho ya kazi kwenye mradi itakuwa 31 Oktoba 2024. Nitakamilisha makabidhiano kabla ya tarehe hiyo. Nashukuru kwa ushirikiano."*

Mwezi 1 ulikuwa kwenye makubaliano yake. Wewe soma yako. Mengine yanadai miezi mitatu, na mengine yanadai malipo badala ya taarifa, na hiyo si habari ya kuipata siku ya kuagwa. Taarifa huhesabiwa tangu barua ilipopokelewa, si tangu ulipoamua moyoni mwezi wa tano kwenye daladala. Kwa hiyo ipeleke masijala mwenyewe, na nakala yako ipigwe muhuri wenye tarehe.

Kuhusu "nashukuru kwa ushirikiano": najua inauma. Andika tu. Ndiyo sentensi ya bei nafuu kuliko zote utakazowahi kuandika. Kama unahitaji kisasi, mlipize mkuu wa mradi kwa kumwita "kijana wetu" kwenye hotuba ya kuagwa. Mtacheka wote, na wewe utacheka zaidi.

Hatua ya 7: Tarehe zigusane

Turudi kidogo kwenye zile barua za usiku. Mradi uliambiwa mwisho ni 30 Septemba, Jumatatu. Halmashauri iliambiwa ataripoti 21 Oktoba, Jumatatu pia. Katikati mhasibu wetu alipanga kwenda Tanga kwa shemeji yake, ale samaki na kulala.

Hesabu nami. Kuanzia Jumanne 1 Oktoba hadi Ijumaa 18 Oktoba ni siku 14 za kazi. Toa Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, zinabaki 13. Kwa siku hizo 13 mradi umeshamwacha na halmashauri haijampokea. Hana likizo iliyoidhinishwa, hana ruhusa, hana ofisi. Yeye anaita mapumziko. Kanuni za utumishi wa umma zinaita utoro kazini, na utoro unaozidi siku tano za kazi unaweza kumfukuzisha mtu. Angekula samaki wa Tanga kwa bei ya ajira yake.

Ukitaka kupumzika, usipumzikie kwenye ufa ulio kati ya barua mbili. Omba likizo yako ya mwaka kwa walioazima na uimalize kabla ya siku ya mwisho, au ripoti nyumbani kwanza, saini, kisha uombe. Kanuni yangu ni rahisi: siku ya mwisho huku na siku ya kwanza kule zikae pamoja kwenye kalenda, kama Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi 31 Oktoba alikabidhi. Ijumaa 1 Novemba alisaini kitabu cha mahudhurio, macho mekundu kwa basi la usiku, akiwa mtumishi halali kila saa ya safari.

Hatua ya 8: Rudisha vya watu, dai vyako

Kuondoka kwa heshima huharibiwa na vitu vidogo. Kwanza ni masurufu. Ile fedha uliyochukua kwa safari ya Mtwara ukasema utaleta stakabadhi "wiki ijayo", iletee stakabadhi sasa. Masurufu yasiyorejeshwa husafiri haraka kuliko mtumishi. Utayakuta yamefika nyumbani kabla yako, yakisubiri kukatwa kwenye mshahara.

Pili ni makabidhiano. Andika kila kitu: laptop na namba yake, funguo, mafaili, kazi zilizo njiani na zilizofika wapi. Msaini wewe, anayepokea na shahidi. Bila karatasi hiyo, kila kitakachopotea kwenye mradi kwa miaka miwili ijayo kitakuwa kiliondoka na wewe.

Tatu, omba barua ya kuachiwa na hati ya mshahara wa mwisho. Kama walioazima ndio waliokuwa wakikulipa, nyumbani ulitolewa kwenye orodha ya malipo, na bila hati hiyo hawana pa kuanzia kukurudisha. Hata ukiwa nayo, orodha ya mwezi ikishafungwa utasubiri mwezi ujao. Weka akiba ya miezi miwili ya unga. Majivuno hayasongwi ugali.

Nne, chapisha taarifa yako ya michango ya PSSSF kabla hujaondoka. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara: 5 yako, 15 ya mwajiri. Ukiazimwa, kila upande hupenda kuamini kwamba ni upande mwingine unaopeleka ile 15. Mhasibu wetu, mtu wa hesabu, alikuta miezi mitatu haina kitu. Kwa kuwa alikuwa bado na kitambulisho cha mradi, alipanda ngazi ghorofa moja na jambo likaisha ndani ya wiki. Angeligundua akiwa halmashauri, angeandikiana nao barua mpaka astaafu.

Hatua ya 9: Rudi kama mtu aliyeitwa

Siku ya kuripoti, usisimulie Dar. Usiseme "sisi kule kwenye mradi tulikuwa tunafanya hivi". Utashangaa jinsi watu wanavyoichoka sentensi hiyo kufikia saa nne asubuhi. Yule kijana aliyekaimu, msifie. Meza ya karibu na choo, ikalie wiki mbili bila kunung'unika. Ya tatu watakuonea haya, watakuhamisha.

Kisha fanya kile ulichoandika kwenye barua. Hapa ndipo ujanja wangu una bei yake, na sikutaka kukutajia mapema usije ukakimbia. Uliomba kurudi kujibu hoja za ukaguzi. Basi utazijibu. Mhasibu wetu alipewa faili la kwanza siku ile ile ya Ijumaa, kabla hajanywa chai. Hoja ilihusu vocha isiyo na viambatisho, ya kabla hajaazimwa. Akaifungua, akatazama chini kwenye sehemu ya aliyeidhinisha.

Sahihi ilikuwa yake.